Begi Halikupotea: Dhidi ya Barua ya "Wako Mtiifu"

Kiswahili kina vitenzi vinne vya kusema kwamba mali haipo, na kila kimoja kinamtaja mkosaji tofauti. "Begi limepotea" hakina mkosaji kabisa; begi limeamka, limejiondokea. "Nimepotelewa na begi" kinaniweka mimi mahali pa mfiwa: jambo limenifika, nipewe pole. "Nimepoteza begi" kinanifanya mimi kuwa mzembe. Kinabaki cha nne, "mmelipoteza begi langu". Hicho ndicho pekee kinachofaa kuandikwa kwa kampuni ya basi, na ndicho ambacho shule haikutufundisha kukiandika.

Nimesoma barua nyingi za abiria. Baadhi nimeombwa kuzisahihisha, baadhi nimeonyeshwa baada ya kushindwa. Karibu zote zinaanza kwa "begi langu limepotea" na kuishia kwa "Wako mtiifu". Katikati pana maelezo ya shida za mwandishi: ana watoto, ametoka mbali, maisha magumu. Hakuna orodha wala jumla ya fedha, na hakuna tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Kisha tunashangaa meneja hajibu. Ajibu nini, jamani? Hajaulizwa kitu.

Sisi wa blogu za fasihi tuna tabia ya kuona barua ya madai ni kazi ya makarani, si utanzu. Tunachambua riwaya kurasa mia tatu tukitafuta nani ana sauti na nani amenyamazishwa, halafu tukipanda basi tunaandika barua ambamo mtenda hayumo. Nataka kuonyesha kwa mfano mmoja kwamba barua hii ni maandishi ya kuchaguliwa neno kwa neno, na kwamba neno likikosewa fedha haiji. Mfano ni wangu mwenyewe. Kampuni siitaji.

Tarehe 12 Juni niliondoka Mpanda saa 12 asubuhi kwenda Dodoma. Basi hupita Sikonge, Tabora, Itigi na Manyoni. Begi langu lilikuwa lile la shangazi kaja, la mistari ya buluu na nyekundu, ambalo unaweza kuyaona kumi yanayofanana katika buti moja. Konda alilifunga kipande cha karatasi chenye namba 38, akanipa kipande cha pili chenye namba hiyohiyo. Nilipiga picha begi likiwa mlangoni mwa buti, kipande kikionekana. Dodoma usiku buti lilifunguliwa: lilikuwepo shangazi kaja moja, lenye namba 83, na mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameshashuka Manyoni.

Msomaji ameshaelewa kilichotokea. Mtu aliyeshuka Manyoni gizagiza alionyesha begi kwa kidole, konda akamshushia, na hakuna aliyelinganisha namba. Vile vipande viwili vya karatasi vina kazi moja tu duniani, nayo ni kulinganishwa wakati wa kushuka. Lisipofanyika hilo, karatasi ni pambo. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya madai yangu haikuwa na haja ya huzuni. Ilihitaji kusema kwamba mfanyakazi wenu alitoa mzigo namba 38 kwa mtu aliyeshika namba 83.

Nilipokwenda ofisini kwao, dada wa dirishani aliniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hiyo ni ajali ya safari. Kachukue taarifa ya upotevu polisi, uandike barua ya kuomba, bosi atakuangalia." Katika maneno hayo machache mna mitego miwili, na yote ni ya lugha.

Mtego wa kwanza ni taarifa ya upotevu. Hiyo ni karatasi ya mtu aliyeangusha kitambulisho sokoni. Ukiijaza umeshatamka kwamba wewe ndiye uliyepoteza. Mimi sikupoteza kitu. Nilikabidhi mzigo, nikapewa kipande, na hadi leo ninacho. Polisi ni mahali sahihi kama unadai kuna wizi, na hapo unapeleka malalamiko, si taarifa ya kuangusha. Dirishani nilichoomba ni kingine: waandike katika kitabu chao cha matukio kwamba mzigo namba 38 haukukabidhiwa kwa mwenye kipande, na wanipe nakala. Dada alisita, lakini aliandika. Mstari ule mmoja wa mkono wake ulikuja kuwa na nguvu kuliko ukurasa wangu wote.

Mtego wa pili ni "barua ya kuomba". Kuomba ni kukiri kwamba mwenzako ana hiari. Unaomba kazi, unaomba mchumba, unaomba ruhusa. Fidia haiombwi, inadaiwa. Tofauti hii si ukali wa mdomo. Unaweza kudai kwa adabu zote. "Nadai Sh 440,500" ni sentensi ya heshima kuliko "naomba mniangalie kwa jicho la huruma", kwa sababu inamchukulia meneja kuwa mtu anayeweza kuhesabu.

Mtego wa tatu ulikuja siku mbili baadaye kwa simu. Sauti ya kiume, ya bosi mwenyewe au ya mtu wake: "Tumeamua kukupa elfu hamsini, kifuta jasho."

Hapa ndipo nilipoudhika kweli, maana mimi ni mtu wa Katavi. Nusu ya ndugu zangu wanalima kando ya hifadhi, huku Sitalike na huko Mpimbwe, na neno hilo tunalijua kwa maana yake kamili. Tembo akila shamba au kiboko akikanyaga mpunga, serikali hulipa kifuta jasho. Mnyama akimjeruhi au kumuua mtu, hulipa kifuta machozi. Kuna kanuni zake za mwaka 2011, na maafisa wa wanyamapori hawachoki kutueleza mikutanoni kwamba hiyo si fidia. Unaweza kulipenda hilo au kulichukia, lakini lina mantiki yake: mkulima na tembo hawakukatiana tiketi. Tembo hakupokea nauli, hakufunga kipande cha karatasi kwenye gunia la mpunga akaahidi kulifikisha Dodoma.

Basi lilifanya hayo yote. Kwa hiyo meneja anaposema "kifuta jasho" anahama kimyakimya kutoka nchi ya mikataba kwenda nchi ya wanyamapori. Anajifanya tembo. Na abiria wengi hupokea ile elfu hamsini kwa shukrani na kusaini karatasi yenye maneno "sina madai mengine", kwa sababu neno limeshawaambia kwamba wanachopewa ni wema. Nilimjibu kwamba nitapokea malipo ya sehemu ya fidia wakati wowote, mradi karatasi iseme "sehemu ya fidia". Alikata simu.

Kisha wakaleta silaha yao kubwa, tiketi. Nyuma yake, kwa herufi za kusomea miwani, imeandikwa kwamba kampuni haitahusika na upotevu wa mzigo wa abiria. Tazama tena: "upotevu". Nomino, haina mtenda, haina mtendwa. Aliyeandika sentensi ile alikuwa mwanasarufi mzuri kuliko sisi.

Kuna kisa cha zamani kinachofaa kusomwa na kila mtu anayegeuza tiketi na kukata tamaa. Ni kesi ya Parker dhidi ya reli ya South Eastern, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1877. Bwana Parker aliacha begi lake kwenye chumba cha kutunzia mizigo stesheni, akalipa senti zake, akapewa tiketi. Mbele imeandikwa "tazama nyuma". Nyuma imeandikwa kwamba kampuni haiwajibiki kwa mzigo unaozidi thamani ya pauni 10. Begi lilipotezwa, na lilikuwa na thamani ya pauni 24 na shilingi 10. Parker alisema hakuisoma tiketi. Aliiona kama risiti tu.

Watu hukisimulia kisa hiki kana kwamba Parker alishinda moja kwa moja. Hapana. Mahakama iliagiza kesi isikilizwe upya, kwa sababu swali lililoulizwa baraza la wazee halikuwa sahihi. Swali sahihi, walisema majaji, si kama abiria alisoma. Ni kama kampuni ilifanya juhudi za kutosha kumjulisha kwamba kuna masharti. Ilifanya? Basi yanamfunga hata kama hakusoma. Haikufanya, naye hakujua kwamba yapo? Hayamfungi.

Sheria zetu ziliipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa mambo ambayo sheria zetu wenyewe hazijayagusa na kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Kwa hiyo swali la Parker si geni kwa mahakama zetu. Sisemi kwamba litakushindia kesi. Nasema linakupa cha kuandika. Mimi niliandika hivi: nauli nililipa kwa simu siku moja kabla, tiketi nilipewa mlangoni basi likiwa limewashwa, hakuna aliyenitajia sharti lolote wala bango lililobandikwa dirishani. Masharti yaliyonifikia baada ya fedha yangu kuwafikia ninyi yalinijulisha nini, na lini? Ni aya moja tu, nayo haina tusi.

Kando ya hilo kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwa ujumla wake, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe. Busara ya kawaida hapa haihitaji mtaalamu. Ni kulinganisha 38 na 83.

Sasa orodha, ambayo kwangu ndiyo roho ya barua. Wanafunzi wangependa kuiruka kwa sababu haina ufasaha, lakini orodha nzuri inasimulia kuliko aya. Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo kinatoa kipimo: unalipwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingetokea. Hasara ya mbali, ya kuzunguka, hailipwi. Hii ndiyo orodha yangu kama ilivyokwenda:

1. Begi la shangazi kaja, kubwa, jipya: Sh 8,000.
2. Suti nyeusi, imeshonwa Mpanda mwezi Machi, haijavaliwa, risiti ya fundi imeambatishwa: Sh 150,000.
3. Viatu vya ngozi, vilinunuliwa Sh 80,000 miaka miwili iliyopita, sasa nusu ya bei: Sh 40,000.
4. Vitenge 3 vya yadi sita, kila kimoja Sh 30,000, risiti ya duka: Sh 90,000.
5. Asali ya Inyonga, madumu 2 ya lita 5, kila lita Sh 9,000, ujumbe wa malipo ya simu umeambatishwa: Sh 90,000.
6. Migebuka mikavu ya Karema, kilo 4, kila kilo Sh 15,000: Sh 60,000.
7. Daftari moja la kurasa 200, limejaa maandishi ya mkono: Sh 2,500.

Jumla: Sh 440,500.

Angalia viatu. Ningeweza kuandika elfu themanini na hakuna ambaye angenibishia kwa ushahidi. Lakini mstari ule wa nusu bei ndio unaomfanya msomaji wa upande wa pili aamini ile mistari mingine sita. Barua nyingi huanguka hapa: kila kitu ni kipya, kila kitu ni cha bei ya juu, na jumla inaisha kwa sifuri tano. Meneja anayeijua kazi yake huona sifuri hizo akatabasamu. Jumla inayoishia na mia tano inaonyesha kuwa mtu amekaa chini akahesabu.

Angalia pia ambacho hakimo. Suti ile ilikuwa ya usaili Dodoma, na nilikwenda nimevaa shati la kuazima. Rafiki zangu walinishauri nidai na kazi niliyoikosa. Lakini kampuni haikujua kwamba ndani ya begi kuna suti ya usaili, sikuwaambia wakati wa kukata tiketi, na hakuna ajuaye kama suti ingenipatia kazi. Kifungu cha 73 kinaikata hasara hiyo, na ningeiweka ingekata pamoja nayo heshima ya madai mengine. Usumbufu wa moyo nao haukumo. Uliumiza, lakini siwezi kuuandikia bei wala risiti.

Halafu namba 7. Katika daftari lile mlikuwa na vitendawili na hadithi za Kipimbwe nilizoandika kwa mkono nikimsikiliza bibi yangu, ambaye hatanisimulia tena. Wenzangu wa fasihi mngelithamini kwa kiasi gani? Milioni? Hapo ndipo tunapojiumiza. Ukiandika milioni, meneja anacheka, na kweli sheria haina kipimo cha kumlazimisha. Bei ya daftari ni bei ya daftari. Kwa hiyo chini ya namba 7 niliongeza mstari huu: "Yaliyomo siyadai kwa fedha. Nadai yatafutwe."

Na nikaeleza jinsi ya kuyatafuta, kwa sababu "mfanye uchunguzi" ni maneno ya bure. Tiketi zenu ni za mtandao. Kila moja ina jina, namba ya simu na kituo cha kushuka. Walioshuka Manyoni siku ile hawazidi watu wachache. Wapigieni. Mmoja wao ana begi langu, na ninyi mna begi lake, namba 83, kwenye stoo yenu ya Dodoma. Yeye naye pengine ameandika barua isemayo "begi langu limepotea".

Barua yenyewe ilikuwa kurasa moja na nusu. Kichwa chake: "YAH: MADAI YA FIDIA YA SH 440,500 KWA MZIGO NAMBA 38, MPANDA–DODOMA, 12 JUNI". Sikuandika "husika na kichwa cha habari hapo juu", kichwa kilishajieleza. Aya ya kwanza ilisema nini kilifanyika na nani alikifanya. Ya pili ilijibu tiketi. Kisha orodha, kisha utafutaji, kisha sentensi ya mwisho: "Nitasubiri jibu lenu la maandishi kwa siku 14 tangu mlipopokea barua hii, na baada ya hapo nitapeleka malalamiko LATRA." LATRA ndiyo mamlaka inayowapa leseni, tangu sheria ya mwaka 2019 ilipoiondoa SUMATRA. Nilichapa nakala mbili. Moja niliwaachia, ya pili wakaigonga muhuri wa kupokea wenye tarehe. Bila muhuri ule siku 14 hazina mwanzo. Mwisho niliandika jina langu na neno "Mdai". Sikuandika "Wako mtiifu". Utiifu wa nini? Nimelipa nauli.

Siku ya kumi na moja walinilipa Sh 380,500. Walikataa migebuka, eti haina risiti na samaki hawaruhusiwi kwenye buti. La risiti ni haki yao. Muuzaji wa mwaloni Karema haandiki risiti, nami sikuwa hata na shahidi. Niliikubali hesabu hiyo, na karatasi niliyosaini imeandikwa "fidia". Daftari hawajaleta. Wanasema namba ya simu ya abiria mmoja wa Manyoni haipatikani, na kila Ijumaa mimi huwapigia kuuliza kama wamejaribu tena.

Mtaniambia kwamba ninayo elimu ya kuandika, na mama muuza dagaa hana. Kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Yule mama alipita shule ya msingi, na huko alifundishwa barua rasmi. Alifundishwa anuani mbili, zikae kulia na kushoto. Alifundishwa kuacha mstari, kupigia kichwa mstari, kutanguliza shukrani na kujiita mtiifu. Alipewa alama kwa umbo. Hakuna aliyempa tiketi ya basi na kipande cha mzigo akamwambia: andika nani amefanya nini, orodhesha, jumlisha, weka tarehe. Zoezi hilo linachukua kipindi kimoja cha dakika arobaini. Walimu wa Kiswahili mnaosoma hapa, lijaribuni wiki ijayo, na atakayeanza na "limepotea" mrudishieni daftari aandike upya.